Ripoti Nene, Barua Fupi: Namna ya Kumfikishia Kiongozi wa Timu Hoja Tatu za Ukaguzi

Mwaka 2015 kampuni ya Equifax ilifanya ukaguzi wa jambo moja: inazibaje mianya ya usalama katika kompyuta zake. Equifax, yenye makao makuu Atlanta, Marekani, hutunza historia za mikopo za mamilioni ya watu, kazi ile ile inayofanywa na taasisi ambazo Wakenya wanazifahamu kwa kifupi cha CRB. Wakaguzi walikuta mrundikano wa mianya zaidi ya 8,500 ambayo kampuni ilikuwa inaijua lakini haijaiziba. Kati ya hiyo, zaidi ya 1,000 ilikuwa ya hatari ya kati, kubwa au kubwa sana, na ilikuwa kwenye mifumo ambayo mtu aliye nje ya kampuni angeweza kuifikia.

Miaka miwili baadaye wezi waliingia Equifax kupitia intaneti na kuchukua taarifa za watu karibu milioni 147: majina, tarehe za kuzaliwa, anwani na namba za hifadhi ya jamii. Mwanya walioutumia ulitangazwa Machi 2017, kwa hiyo haukuwemo katika ile 8,500. Lakini sababu zilizoufanya usizibwe kwa wakati zilikuwa zimeandikwa tayari kwenye ukaguzi wa 2015. Haya tunayajua kwa sababu kamati ndogo ya uchunguzi ya Seneti ya Marekani ilichapisha ripoti yake Machi 2019 na kueleza wakaguzi waliona nini, na nini hakikufanyika baada ya hapo.

Kila ofisi yenye kompyuta nyingi hukaguliwa, iwe benki, hospitali, chuo au chama cha akiba na mikopo, na kila ukaguzi huzaa ripoti nene. Kati ya ripoti hiyo na mtu atakayeshika kazi yenyewe kuna kiungo kidogo kisichozungumzwa sana: barua pepe fupi ambayo mkaguzi, au mtu aliyepewa kuisoma ripoti, anamwandikia kiongozi wa timu. Barua hiyo ina nafasi ya hoja tatu hivi. Zikichaguliwa vibaya, kurasa zote zilizobaki hazitamfikia mtu yeyote mwenye uwezo wa kufanya jambo. Kisa cha Equifax kinatupa mfano wa kweli wa kulifanyia kazi suala hili hatua kwa hatua.

Hoja moja ina nini ndani yake

Ripoti ya ukaguzi ni ndefu kwa sababu ina wasomaji wengi. Bodi inataka kujua kampuni imesimama wapi. Mdhibiti anataka kuona sheria zimefuatwa. Mkaguzi wa mwaka ujao anataka ushahidi, ili aweze kurudi na kulinganisha. Kwa hiyo kila hoja huandikwa kwa sehemu tano: kigezo, yaani jambo lilipaswa kuwaje, hali iliyokutwa, chanzo chake, athari yake, na pendekezo la mkaguzi.

Tuchukue hoja ya ucheleweshaji wa masasisho huko Equifax. Kigezo kilikuwa sera ya kampuni yenyewe, ambayo ilitaka mwanya wa hatari kubwa sana uzibwe ndani ya saa 48. Hali iliyokutwa ni ule mrundikano wa mianya. Chanzo kilikuwa zaidi ya kimoja, na tutakirudia. Athari ni kwamba mtu wa nje anaweza kuingia. Pendekezo linafuata hapo. Ukizidisha sehemu hizo tano kwa hoja arobaini au hamsini, kisha ukaongeza majedwali, picha za skrini na majibu ya menejimenti, unapata kitabu.

Kiongozi wa timu hahitaji sehemu zote tano kwa uzito sawa. Sera anaijua. Ushahidi anaweza kuufungua kwenye ripoti akiutaka. Anachohitaji kwenye barua ni athari, chanzo, na jambo analoombwa kulifanya. Mwandishi anayekata aya za ripoti na kuzibandika kwenye barua pepe huwa anafanya kinyume chake: anabeba kigezo na hali, kwa sababu ndivyo vinavyotangulia kwenye kila hoja, na athari inabaki nyuma kwenye sentensi ya mwisho ambayo msomaji hafiki.

Kutoka hoja tano hadi tatu

Ukaguzi wa Equifax wa 2015, kwa mujibu wa maelezo ya kamati ya Seneti, ulikuwa na hoja kubwa ambazo zinaweza kufupishwa hivi. Kampuni haikufuata ratiba yake ya kuziba mianya, na ndiyo maana mrundikano ukafika pale ulipofika. Haikuwa na orodha kamili ya mifumo na programu ilizonazo. Ilipoamua kipi kisasishwe kwanza, haikuangalia mfumo upi ni nyeti kuliko mwingine. Kazi ya masasisho ilikwenda kwa kuaminiana: aliyeambiwa asasishe alichukuliwa kuwa amesasisha, bila mtu kuhakiki. Na kwa jumla utaratibu wote ulikuwa wa kusubiri tatizo lijitokeze ndipo lishughulikiwe.

Njia ambayo wengi huifuata katika kuchagua ni kuangalia daraja. Wakaguzi huipa kila hoja daraja kwa kupima vitu viwili, uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa madhara likitokea. Njia hii inasaidia, lakini haitoshi. Katika ripoti yenye hoja hamsini utakuta hoja kumi na mbili zenye daraja la juu, na daraja halikuambii ipi kati ya hizo kumi na mbili ianze. Hapo mwandishi hujikuta anachukua tatu za mwanzo kwa mpangilio wa kurasa, na mpangilio wa kurasa mara nyingi hufuata majina ya idara.

Mimi natumia maswali mawili. La kwanza: mtu wa nje, asiye na nywila yetu, anaweza kulifikia tatizo hili leo? Swali hili linatenganisha hatari iliyo mlangoni na hatari iliyo chumba cha ndani. La pili: hoja hii ikiachwa, kuna hoja nyingine ambazo haziwezi kutatuliwa hata timu ikijitahidi vipi? Swali hili linatafuta mzizi.

Tuyapitishe maswali hayo kwenye hoja za 2015. Swali la kwanza linaiokota moja kwa moja ile mianya zaidi ya 1,000 kwenye mifumo inayofikiwa kutoka nje. Angalia kwamba namba inayopaswa kwenda kwenye barua ni 1,000, ingawa 8,500 ni kubwa zaidi na inatisha zaidi. Kiongozi wa timu akisoma 8,500 atafanya moja kati ya mawili: atakata tamaa, au atawapa watu wake waanze na mianya rahisi ili hesabu ipungue haraka. Matokeo yote mawili yanaiacha hatari mahali pake. Namba ndogo inamwonyesha pa kuanzia.

Swali la pili linaokota orodha ya mifumo. Usipojua una nini, huwezi kusasisha ulichonacho, huwezi kupanga kipi ni nyeti, na huwezi hata kupima kama umechelewa. Hoja ya orodha haina sura ya kutisha. Kwenye ripoti nyingi inapewa daraja la kati na kuachwa iende mwaka hadi mwaka. Lakini ndiyo inayozishikilia nyingine. Swali hilo hilo linaokota pia kazi inayokwenda kwa kuaminiana, maana bila uhakiki hata taarifa kwamba mwanya umezibwa haina thamani.

Hoja zilizobaki hazitupwi. Ratiba kutofuatwa ni sura nyingine ya ile mianya 1,000, kwa hiyo inaingia humo. Suala la mfumo upi ni nyeti linageuka kuwa agizo ndani ya hoja ya kwanza: anzeni na mifumo iliyo wazi kwa nje. Utaratibu wa kusubiri tatizo lijitokeze ni jina la jumla la yote, na jambo la jumla halina mtu wa kulishika, kwa hiyo linabaki kwenye ripoti kwa ajili ya bodi.

Hakiki kwanza, tuma baadaye

Kabla ya kuandika, kuna kazi inayorukwa mara nyingi: kuhakikisha kwamba hizo tatu ni za kweli. Ukimpelekea kiongozi wa timu hoja tatu na moja ikawa ya uongo, ataichunguza hiyo kwanza, atakuonyesha kosa lako, na mbili za kweli zitapoteza nguvu pamoja nayo.

Hoja za uongo katika ukaguzi wa kompyuta zina chanzo kinachojulikana. Sehemu kubwa ya mianya hugunduliwa na programu ya upekuzi, ambayo mara nyingi inasoma tu namba ya toleo la programu iliyo kwenye seva na kuilinganisha na orodha ya matoleo yenye kasoro. Sasa, watengenezaji wa mifumo kama Red Hat na Debian wana desturi ya kuziba kasoro ndani ya toleo la zamani bila kubadilisha namba yake kuu. Programu ya upekuzi ikiona namba ya zamani inapiga kelele, kumbe kasoro ilishazibwa. Dawa yake ni kuingia kwenye seva moja au mbili, kusoma kumbukumbu za masasisho za mtengenezaji, na kuona kama kasoro husika imetajwa kuwa imezibwa. Kazi hii ni ya muda mfupi, na inakupa haki ya kusema “nimeithibitisha” mtu akikuuliza.

Kuna na kosa la upande wa pili, ambalo ni baya zaidi kwa sababu halipigi kelele: programu ya upekuzi kutoona mwanya uliopo. Ripoti ikisema eneo fulani ni safi, uliza lilipekuliwa vipi, kutoka wapi, na hadi wapi. Tutaona hapa chini kosa hili liligharimu nini.

Barua yenyewe

Nimeiandika barua ifuatayo kwa kutumia hoja halisi za ukaguzi wa 2015, kwa namna ambayo mtu wa ofisi ya Dar es Salaam au Nairobi angemwandikia kiongozi wake. Siku na mahali ilipohifadhiwa ripoti ni mfano wangu.

> Mada: Ukaguzi wa masasisho: mambo 3 yanayohitaji uamuzi wako kufikia Ijumaa
>
> Habari za asubuhi Mkuu,
>
> Ripoti ya ukaguzi wa masasisho ya usalama imetoka. Mambo matatu yanahitaji timu yako sasa. Mengine yanaweza kusubiri kikao cha mwezi.
>
> 1. Mifumo inayofikiwa kutoka nje ina mianya zaidi ya 1,000 ya hatari ya kati kwenda juu ambayo haijazibwa. Mtu wa nje anaweza kuijaribu leo. Naomba timu ianze na mifumo hii kabla ya ile ya ndani.
>
> 2. Hatuna orodha kamili ya mifumo na programu zetu. Mwanya mpya ukitangazwa kesho, hatutajua kwetu umo wapi. Naomba umteue mtu mmoja wa kuiandaa orodha hiyo, aanze na mifumo inayofikiwa kutoka nje.
>
> 3. Hakuna anayehakiki kama sasisho limewekwa. Tunategemea neno la aliyepewa kazi. Naomba kazi ya sasisho isifungwe mpaka mtu mwingine aipime upya.
>
> Ukaguzi uliangalia masasisho tu. Usichukuliwe kama uthibitisho kwamba maeneo mengine ni salama.
>
> Naomba kufikia Ijumaa saa 10 jioni unijulishe nani anashika kila jambo na atalimaliza lini. Majina ya seva na ushahidi sijaviweka hapa kwa sababu za usalama. Vimo kwenye ripoti, katika folda ya ukaguzi uliyopewa ruhusa ya kuifungua.
>
> Ahsante.

Barua hii inasomeka kwa dakika moja. Mstari wa mada unafanya kazi tatu: unataja ni ukaguzi upi, mambo ni mangapi, na mwisho wake ni lini. Kiongozi anayeisoma kwenye simu akiwa kwenye foleni ya magari anajua kabla ya kuifungua kwamba hii si taarifa ya kuweka pembeni. Mada kama “Ripoti ya Ukaguzi – Rasimu ya Mwisho” ingemwambia kinyume.

Kila hoja imejengwa kwa sentensi za aina moja: hali, athari, ombi. Hali imeandikwa kama jambo lilivyo, bila kumtaja aliyekosea. Hili ni muhimu, kwa sababu anayesoma ndiye kiongozi wa kazi inayokosolewa, na akihisi anashitakiwa ataanza kujitetea badala ya kupanga. Lakini adabu isigeuke kuwa kulainisha. Sentensi kama “zimebainika changamoto kadhaa katika eneo la masasisho, na ipo nafasi ya kuboresha” ina heshima zote, ila haina namba, haina athari, na haimwombi mtu yeyote afanye chochote. Kiongozi ataijibu “nimepokea, ahsante”, na atakuwa hajakosea.

Kila ombi linaweza kutekelezwa na yule anayeombwa. Kiongozi wa timu ana mamlaka ya kupanga watu wake na kubadili utaratibu wa kufunga kazi. Hana mamlaka ya kuidhinisha bajeti ya mwaka. Ombi la kununua mfumo mpya wa mamilioni lingekuwa sahihi kwenye ripoti ya bodi, lakini kwenye barua hii lingempa sababu nzuri ya kusubiri.

Mwisho ni hayo majina ya seva. Barua pepe husambazwa, hunakiliwa, na hukaa kwenye visanduku vya watu kwa miaka. Ukiweka humo orodha ya seva na mianya yake, umemwandikia mwizi ramani. Ripoti ikae mahali pamoja, kwa ruhusa maalumu, na barua ielekeze huko.

Machi 2017: barua iliyofika kwa watu zaidi ya 400

Tarehe 7 Machi 2017 ilitangazwa kasoro katika Apache Struts, programu inayotumika kujenga tovuti. Ilipewa namba `CVE-2017-5638` na alama 10 kati ya 10 za hatari. Mshambuliaji hakuhitaji nywila. Alituma tu ombi lililotengenezwa kwa hila kwenye tovuti, na seva ikatii amri zake. Siku iliyofuata kitengo cha serikali ya Marekani cha dharura za kompyuta kilizitahadharisha kampuni, Equifax ikiwemo.

Tarehe 9 Machi timu ya usalama ya Equifax ilituma barua pepe kwa watu zaidi ya 400 ikiagiza wenye Struts waisasishe ndani ya saa 48. Kwa mtazamo wa haraka ilikuwa barua nzuri: ilikuwa ya wakati, sahihi, na yenye muda maalumu. Lakini mtaalamu aliyejua kwamba Struts inatumika kwenye mfumo uliokuja kuvamiwa hakuwemo kwenye orodha ya waliotumiwa. Bosi wake alikuwemo, akaipata, na haikumfikia mtaalamu huyo wala mwenzake yeyote wa timu.

Ni rahisi kumlaumu bosi huyo. Lakini tazama alipokea nini: agizo lililowalenga watu zaidi ya 400, lenye sharti la “kama unatumia Struts”, katika kampuni isiyo na orodha kamili inayosema nani anatumia Struts. Kila mmoja kati ya hao 400 angeweza kudhani linamhusu mwingine. Hii ndiyo hoja ya pili ya barua yetu, iliyogunduliwa 2015, sasa ikitimia neno kwa neno: mwanya mpya umetangazwa, na haijulikani umo wapi.

Tarehe 15 Machi walipekua mifumo kutafuta Struts. Programu ya upekuzi iliangalia folda kuu bila kushuka kwenye folda za ndani, na Struts ilikuwa kwenye folda ya ndani. Jibu likarudi kwamba hakuna kitu. Hakuna mtu wa pili aliyelipima jibu hilo kwa njia nyingine na kuukuta mwanya. Hiyo ndiyo hoja ya tatu.

Wezi waliingia tarehe 13 Mei kupitia tovuti ambayo wateja waliitumia kupinga makosa kwenye taarifa zao za mikopo, yaani mfumo unaofikiwa na yeyote kutoka nje. Hiyo ndiyo hoja ya kwanza. Walikaa humo hadi tarehe 30 Julai, kampuni ilipoizima tovuti hiyo. Umma ulitangaziwa tarehe 7 Septemba, na kabla mwezi huo haujaisha mkurugenzi mkuu, Richard Smith, alikuwa ameondoka. Julai 2019 kampuni ilikubali kulipa angalau dola milioni 575 kumaliza madai ya serikali kuu na majimbo.

Barua fupi haiwezi nini

Lazima niseme pia pale ambapo njia hii inaishia. Hasara ya Equifax iliongezeka kwa sababu nyingine ambazo haziko kwenye barua yetu. Cheti cha usalama cha kifaa kilichopaswa kuchunguza mawasiliano ya mtandao kilikuwa kimeisha muda wake, kwa hiyo wezi walipita bila kuonekana. Kilipowekwa kipya tarehe 29 Julai, mawasiliano ya kutia shaka yalionekana siku hiyo hiyo. Tena, wezi walikuta majina ya watumiaji na nywila zimehifadhiwa bila kufichwa, wakazitumia kuingia kwenye hifadhidata nyingine nyingi zisizohusiana na tovuti waliyoanzia. Ukaguzi wa masasisho hauchunguzi mambo hayo, na barua inayotokana nao haiwezi kuyasema. Ndiyo maana mstari wa mipaka ya ukaguzi haupaswi kufutwa hata barua ikionekana ndefu. Bila mstari huo, kiongozi anayetimiza mambo matatu ataamini kwamba amemaliza.

Vilevile kuna hoja ndogo ambazo zikikaa peke yake hazina uzito, lakini zikiungana zinakuwa njia. Nywila isiyofichwa kwenye folda ya ndani ni hoja ya daraja la kati; mwanya kwenye tovuti ya nje ni hoja nyingine; hifadhidata zisizotenganishwa ni ya tatu. Mwandishi wa barua anapaswa kusoma ripoti akiuliza kama hoja mbili zinaweza kufuatana mkononi mwa mtu mmoja. Zikiweza, ziandikwe kama hoja moja, na zipande juu.

Barua pia haijifuatilii yenyewe. Kamati ya Seneti ilieleza kwamba baada ya ukaguzi wa 2015 Equifax haikufanya ukaguzi mwingine wa masasisho, na mambo kadhaa yaliyoonekana yalikuwa bado hayajatatuliwa miezi ya kuelekea uvamizi. Kwa hiyo siku unayotuma barua, weka pia siku ya kurudi kupima, kwa macho yako mwenyewe, na si kwa kuuliza kama kazi imekwisha.

Una njia moja rahisi ya kujua kama barua yako imefaa. Siku mbili baada ya kuituma, muulize kiongozi wa timu: Jumatatu nani anaanza na nini? Akikutajia jina na mfumo, barua imefika. Akikuambia wanaendelea kuipitia ripoti, hujamfikishia kitu bado. Mfuate ofisini kwake, kaeni na zile hoja tatu, na usiondoke mpaka kila moja imepata mtu na tarehe.